Kuandika Ikisiri ya Tasnifu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili na ya uzamivu ambao wamekwisha kuandika tasnifu na wamebakiza ukurasa mmoja tu, yaani ikisiri. Majibu yanatumia tasnifu moja ya kubuni kama mfano, ili msomaji aweze kufuatilia safari nzima kutoka kurasa 240 hadi aya moja. Takwimu zote za mfano huo ni za kubuni.

Ikisiri ya tasnifu ni nini hasa?

Ikisiri ni maelezo mafupi yanayojitegemea ambayo humwezesha mtu ambaye hataisoma tasnifu kujua mambo manne: mwandishi alitaka kujua nini, alitumia njia gani, aligundua nini, na ugunduzi huo umeongeza nini katika yale yaliyokuwa yanajulikana. Neno la kuzingatia hapo ni «kujitegemea». Ikisiri husomwa mbali na tasnifu yenyewe, kwenye katalogi ya maktaba au kwenye hazina ya machapisho ya chuo, na aghalabu msomaji haendi mbali zaidi ya hapo.

Kwa sababu hiyo ikisiri si utangulizi. Utangulizi humwandaa msomaji kwa yatakayofuata, na unaweza kuficha jibu hadi mwisho, ilhali ikisiri hulitoa jibu lenyewe. Ikisiri pia si yaliyomo yaliyogeuzwa kuwa sentensi. Hili la pili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi katika rasimu, na sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inalihusu.

Je, ni kweli kwamba kuna aina mbili za ikisiri?

Ndiyo. Kuna ikisiri inayoeleza tasnifu inahusu nini, na kuna ikisiri inayoeleza tasnifu imegundua nini. Ya kwanza husema «uhusiano baina ya A na B umechunguzwa». Ya pili husema «A iliongezeka pale B ilipopungua, isipokuwa katika hali fulani». Aina ya kwanza inafaa kwa kazi zisizo na matokeo mahususi, kama vile mapitio mapana ya machapisho. Tasnifu ya utafiti inahitaji aina ya pili karibu kila mara, kwa kuwa mtahini na mtafiti mwenzako wanatafuta matokeo, na mada peke yake wangeweza kuijua kutokana na kichwa cha tasnifu.

Ikisiri iwe na urefu gani?

Mwongozo wa chuo chako ndio wenye kauli ya mwisho, kwa hiyo usome kabla ya kuandika. Kiwango cha kimataifa cha ISO 214 cha mwaka 1976, ambacho kinahusu ikisiri, kinapendekeza maneno yasiyozidi 250 kwa makala ya kawaida, na yasiyozidi 500 kwa hati ndefu kama ripoti na tasnifu, ikiwezekana yatoshe ukurasa mmoja. Vyuo vingi huweka kikomo mahali fulani kati ya idadi hizo mbili. Ukiwa huna mwongozo wowote, lenga maneno 300.

Niiandike lini?

Iandike baada ya sura ya matokeo na sura ya mjadala kukamilika. Ikisiri iliyonakiliwa kutoka kwenye pendekezo la utafiti hubeba malengo ya zamani na mbinu zilizokusudiwa badala ya zile zilizotumika kweli. Mara nyingi kitenzi ndicho kinachoifichua: humo bado mna «utafiti huu utachunguza», katika kazi ambayo uchunguzi wake ulikwisha mwaka mmoja uliopita.

Nina kurasa 240. Nianzie wapi?

Usianzie ukurasa wa kwanza. Mtu anayeanza na sura ya kwanza na kuifupisha, kisha ya pili, kisha ya tatu, hufika kwenye matokeo akiwa amebakiwa na maneno 40, na hapo huandika kwamba «matokeo yamejadiliwa kwa kina». Anzia kwenye matokeo, kwa kuwa ndiyo yanayoamua ni sehemu gani ya malengo na ya mbinu inayostahili kutajwa.

Tuchukue mfano wetu. Tasnifu inahusu maelezo ya matumizi yanayoandikwa kwenye bahasha za dawa. Mwandishi alilinganisha namna mbili za kuandika jambo lilelile: «kidonge kimoja kutwa mara tatu», na «asubuhi kidonge kimoja, mchana kimoja, usiku kimoja». Sura ya kwanza ina usuli wa tatizo na malengo mahususi manne, ya pili ina mapitio ya machapisho yenye kurasa 60, ya tatu ina mbinu, ya nne ina matokeo yenye majedwali 19, na ya tano ina mjadala, hitimisho na mapendekezo.

Hatua ya kwanza ni kufunga tasnifu na kuandika kwa kumbukumbu sentensi moja inayojibu swali hili: ni jambo gani ambalo sasa tunalijua, na ambalo hatungelijua kama utafiti huu usingefanyika? Katika mfano wetu jibu ni hili: maelezo yanayotaja nyakati za siku yalieleweka kwa usahihi zaidi kuliko yanayotaja idadi ya mara, na kosa lililojirudia zaidi lilikuwa kudhani kwamba «mara tatu» ni vidonge vitatu kwa mkupuo. Kufunga tasnifu kuna maana yake. Mwandishi akiwa na ukurasa mbele ya macho hunakili, lakini akiwa hana huchagua.

Hatua ya pili ni kurudi kwenye sura ya nne na kutafuta namba zinazoibeba sentensi hiyo. Majedwali ni 19, lakini sentensi yetu inasimama juu ya mawili tu: lile la usahihi kwa kila kundi, na lile linalotenganisha wagonjwa kwa kiwango cha elimu. Mengine 17 yanabaki katika tasnifu.

Hatua ya tatu ni kurudi nyuma hadi sura ya tatu na kuchukua mambo ambayo msomaji anayahitaji ili aziamini namba hizo, yaani washiriki walikuwa wangapi, walipatikanaje, waligawanywaje, na kilichopimwa kilipimwaje. Hatua ya nne ni kurudi sura ya kwanza na kuchukua lengo linalolingana na jibu. Ya mwisho ni mchango na mpaka wake, ambavyo hutoka sura ya tano. Ukishapata vipande hivi ndipo unavipanga kwa utaratibu ambao msomaji ameuzoea: tatizo, lengo, mbinu, matokeo, mchango.

Naomba kuona mfano mbaya na mfano mzuri wa tasnifu hiyohiyo.

Rasimu ya kwanza ya wengi huwa namna hii:

> Tasnifu hii inahusu maelezo ya matumizi ya dawa kwa wagonjwa. Suala la mawasiliano baina ya wahudumu wa afya na wagonjwa ni muhimu sana na limezungumziwa na wataalamu wengi. Sura ya kwanza inaeleza usuli wa tatizo, sura ya pili inapitia machapisho, na sura ya tatu inaeleza mbinu za utafiti. Data zilikusanywa kwa njia mbalimbali na kuchanganuliwa kitakwimu na kimaelezo. Matokeo yamewasilishwa na kujadiliwa kwa kina katika sura ya nne na ya tano. Mwisho, mapendekezo kadhaa yametolewa kwa wadau na kwa watafiti wa baadaye.

Hakuna sentensi iliyo na kosa la sarufi, wala hakuna iliyo ya uongo. Tatizo ni kwamba ukiondoa sentensi mbili za mwanzo, zilizobaki zingeweza kubandikwa kwenye tasnifu ya uvuvi au ya sheria za mirathi bila kubadilisha hata neno. Hicho ni kipimo kizuri cha kila sentensi ya ikisiri: kama inaweza kuhamia tasnifu nyingine na ikakaa vizuri, basi haijasema kitu kuhusu tasnifu yako.

Hii ndiyo ikisiri iliyoandikwa kwa kuanzia kwenye matokeo:

> Maelezo ya matumizi yanayoandikwa kwenye bahasha za dawa yanaweza kueleweka tofauti na alivyokusudia mtoa dawa. Tasnifu hii ililenga kubaini iwapo maelezo yanayotaja nyakati za siku («asubuhi kidonge kimoja, mchana kimoja, usiku kimoja») hueleweka kwa usahihi zaidi kuliko yanayotaja idadi ya mara («kidonge kimoja kutwa mara tatu»), na kueleza chanzo cha makosa yanayojitokeza. Wagonjwa wa nje 240 wenye umri wa miaka 18 au zaidi katika hospitali mbili waligawanywa kwa kura katika makundi mawili yaliyo sawa. Kila mgonjwa alisomewa aina moja ya maelezo, kisha akaonyesha kwa vidonge vya mfano jinsi atakavyovitumia tangu kuamka hadi kulala. Wagonjwa 24 waliokosea walisailiwa. Walioonyesha dozi sahihi walikuwa 107 kati ya 120 (asilimia 89) katika kundi la nyakati, na 88 kati ya 120 (asilimia 73) katika kundi la idadi ya mara. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wasiomaliza elimu ya msingi: 33 kati ya 41 (asilimia 80) dhidi ya 21 kati ya 42 (asilimia 50). Makundi hayakutofautiana katika kuelewa idadi ya siku za kutumia dawa. Usaili ulionyesha kwamba kosa lililojirudia zaidi lilikuwa kuielewa «kutwa mara tatu» kuwa vidonge vitatu kwa mkupuo. Tasnifu inaonyesha kwamba sehemu ya makosa ya dozi hutokana na muundo wa maelezo yenyewe, wala si kutojua kusoma pekee, na inatoa utaratibu wa kupima uelewa usiohitaji mgonjwa kusoma. Kwa kuwa uelewa ulipimwa papo hapo, matokeo hayaonyeshi iwapo dawa zilitumiwa ipasavyo nyumbani.

Naomba msomaji aliangalie neno moja katika ikisiri hiyo, nalo ni «alisomewa». Mwandishi angeandika «alipewa maelezo», sentensi ingekuwa sahihi bado, lakini dai la mwisho kwamba makosa hayatokani na kutojua kusoma pekee lingekosa msingi, kwa sababu msomaji angeweza kusema kwamba waliokosea hawakuweza kusoma bahasha. Kwa kuwa wote walisomewa, pingamizi hilo linapungua nguvu. Hivi ndivyo maelezo ya mbinu yanavyochaguliwa: linabaki lile linaloshikilia dai fulani la mbele.

Nina malengo mahususi manne. Je, niyaorodheshe yote?

Kama mwongozo wa chuo unadai hivyo, yaorodheshe. Kama haudai, yaunganishe katika sentensi moja. Mara nyingi malengo mahususi huwa hatua za lengo moja: kubainisha, kulinganisha, kueleza sababu, kupendekeza. Katika mfano wetu lengo la kwanza lilikuwa kubainisha aina za maelezo yanayotumika kwenye bahasha za dawa, na la nne lilikuwa kupendekeza namna bora ya kuyaandika. Yote mawili yameachwa. La kwanza lilikuwa maandalizi ya ulinganishi, na la nne linafuata lenyewe kutokana na matokeo.

Kuna sharti moja: kila lengo linalotajwa katika ikisiri lazima lipate jibu lake humohumo. Ukiandika kwamba ulikusudia kueleza chanzo cha makosa, basi msomaji ana haki ya kukuta chanzo hicho kabla ya nukta ya mwisho. Chukua kalamu mbili za rangi, pigia mstari kila lengo kwa rangi moja na kila tokeo kwa rangi nyingine, kisha uangalie kama kuna lengo lililobaki peke yake.

Sehemu ya mbinu ichukue nafasi kiasi gani?

Takriban robo ya ikisiri inatosha, isipokuwa kama mbinu mpya ndiyo mchango wenyewe wa tasnifu. Taja muundo wa utafiti, washiriki au matini zilizochunguzwa pamoja na idadi yake, mahali, na namna data zilivyopatikana. Mfano wetu hautaji mahali kwa kuwa ni wa kubuni, lakini katika ikisiri halisi eneo la utafiti ni sehemu ya habari. Kama nadharia iliongoza uchambuzi, itaje kwa jina na useme ilitumika kuchambua nini. Jina la nadharia likisimama peke yake halimsaidii msomaji.

Kinachoweza kuachwa ni falsafa ya utafiti, sababu za kuchagua usaili badala ya hojaji, na jina la programu ya kompyuta iliyotumika kuchanganua takwimu. Hayo yana mahali pake katika sura ya tatu. Uepuke pia sentensi ya aina ya «mbinu za kitaamuli na kitakwimu zilitumika», kwa kuwa msomaji akishaona namba na usaili atajua mwenyewe.

Je, ni lazima matokeo yawe na namba? Vipi kuhusu tasnifu za fasihi au falsafa?

Kama tasnifu yako ina namba, weka zile chache zinazobeba jibu, na uzitoe kwa ukamilifu. Asilimia bila idadi huficha mambo: «asilimia 50 ya wasiomaliza elimu ya msingi» inaweza kuwa watu wawili kati ya wanne. Ukiandika 21 kati ya 42, msomaji anapima uzito wa tokeo mwenyewe. Epuka pia kusema kwamba «kulikuwa na tofauti kubwa» bila kuitaja, maana ukubwa unaonekana kwa namba, na katika lugha ya takwimu tofauti inaweza kuwa ya kweli huku ikiwa ndogo.

Tasnifu ya fasihi, historia au falsafa mara nyingi haina namba, lakini ina matokeo. Matokeo yake ni hoja. Linganisha sentensi hizi mbili za kubuni. Ya kwanza ni «dhamira mbalimbali za ardhi zimejadiliwa katika riwaya nne». Ya pili ni «katika riwaya zote nne, msimulizi wa nafsi ya kwanza huacha kusimulia pale mgogoro wa ardhi unapofika mahakamani, na nafasi yake huchukuliwa na lugha ya nyaraka». Ya pili inaweza kupingwa na mtu aliyezisoma riwaya hizo, na kwa sababu inaweza kupingwa ndiyo maana ni tokeo. Ya kwanza haiwezi kupingwa na yeyote.

Je, niyataje matokeo ambayo hayakuwa niliyotarajia?

Yataje kama yanahusu lengo ulilolitangaza. Katika mfano wetu sentensi inayosema kwamba makundi hayakutofautiana katika kuelewa idadi ya siku ina kazi mbili. Inamwonyesha msomaji kwamba mwandishi hakuchagua yale tu yaliyompendeza, na inaonyesha faida ya kutaja nyakati inaishia wapi: ilionekana katika mgawanyo wa dozi ndani ya siku, wala haikuonekana katika muda wote wa tiba. Tokeo la namna hii likiachwa, mtahini atakutana nalo katika sura ya nne na kuanza kujiuliza ni nini kingine kilichoachwa.

Mchango unatofautianaje na matokeo? Na mapendekezo je?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na nadhani ndipo panapohitaji muda mrefu zaidi wa kufikiri katika ikisiri nzima. Tokeo ni kile kilichoonekana katika data zako. Mchango ni badiliko ambalo tokeo hilo linaleta katika maarifa yaliyokuwapo. Pendekezo ni jambo ambalo ungependa mtu fulani alifanye kwa sababu hiyo.

Tuyatenganishe kwa mfano wetu. Kwamba asilimia 89 walionyesha dozi sahihi dhidi ya asilimia 73 ni tokeo. Kwamba sehemu ya makosa ya dozi hutokana na muundo wa maelezo, hata pale mgonjwa anaposomewa, ni mchango, kwa kuwa unajibu maelezo mengine yaliyokuwapo kwamba tatizo ni kutojua kusoma. Kwamba watoa dawa waandike nyakati za siku kwenye bahasha ni pendekezo. Ukiwa na nafasi finyu, pendekezo ndilo la kwanza kuondolewa, kwa maana msomaji makini anaweza kulitoa mwenyewe akishaujua mchango.

Ili kuupata mchango, rudi kwenye sura ya pili, pale ulipoeleza pengo la maarifa, na ujiulize kama pengo hilo bado lipo jinsi ulivyolieleza. Andika sentensi inayoanza na «Hadi sasa ilidhaniwa kwamba…», au «Hadi sasa haikujulikana kama…», kisha uimalizie kwa tokeo lako. Baadaye ondoa maneno ya mwanzo. Kinachobaki kwa kawaida ndicho mchango. Kama huwezi kuimalizia sentensi hiyo, tatizo haliko kwenye ikisiri bali kwenye sura ya tano, na ni heri kuligundua kabla ya mtahini.

Mchango unaweza kuwa wa aina nyingine pia: kipimo kipya, mkusanyiko wa data ambao haukuwapo, marekebisho ya nadharia, au uthibitisho kwamba jambo lililojulikana mahali pamoja linashika pia kwingine. Hakuna kati ya hayo lililo dogo mno kutajwa, ilimradi litajwe kwa jina lake. «Utafiti huu umechangia pakubwa katika taaluma» haisemi mchango ni upi.

Kosa la upande wa pili ni kudai kupita kiasi. Mwandishi wetu alipima kile wagonjwa walichoelewa dakika chache baada ya kusomewa. Hakuwafuata nyumbani, kwa hiyo hawezi kuandika kwamba maelezo ya nyakati «huboresha matumizi ya dawa», achilia mbali kwamba «huokoa maisha». Sentensi yake ya mwisho inauweka mpaka huo wazi kwa maneno 13. Angalia vitenzi vyako: kuonyesha, kuashiria, kuthibitisha na kusababisha havilingani, na kila kimoja kinadai ushahidi wa kiwango chake.

Nitumie wakati gani wa kitenzi, na nijiite nani?

Yaliyofanyika na yaliyoonekana huandikwa kwa wakati uliopita: waligawanywa, walisailiwa, ilionekana. Yale ambayo tasnifu inayasimamia hadi leo huandikwa kwa wakati uliopo: tasnifu inaonyesha, inatoa. Kuhusu nafsi, kawaida ya uandishi wa kitaaluma ni kuifanya tasnifu au utafiti kuwa kiima, au kutumia kauli ya kutendwa. «Mtafiti alifanya» si kosa, ila likirudiwa mara sita hula maneno bila kuongeza habari.

Je, naweza kuweka marejeleo, majedwali au vifupisho?

Majedwali na michoro, hapana. Marejeleo, hapana, isipokuwa kama tasnifu nzima ni majibu kwa kazi moja mahususi. Kifupisho kinachotumika mara moja kiandikwe kwa kirefu. Kinachojirudia kielezwe mara ya kwanza kinapotokea, hata kama kimeelezwa tayari katika orodha ya vifupisho, kwa sababu orodha hiyo haisafiri pamoja na ikisiri.

Chuo kinataka ikisiri kwa lugha mbili. Je, nitafsiri neno kwa neno?

Hapana. Ziandike kama ikisiri mbili zenye habari moja. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja. «Waliosailiwa» pekee linaweza kuhitaji maneno manne au matano katika lugha nyingine. Ikisiri ya Kiswahili iliyojaza kikomo hadi ukingoni huenda ikakizidi ikitafsiriwa, na ile iliyoandikwa kwanza kwa lugha ya kigeni huja Kiswahili na sentensi zilizopinda. Kilicho lazima kilingane ni namba, istilahi na nguvu ya madai. Mara kwa mara huona ikisiri ambayo kwa lugha moja inasema «inaashiria» na kwa nyingine «imethibitisha».

Nimezidisha maneno 90. Nipunguze wapi?

Kwanza tafuta sentensi za usuli. Ikisiri inahitaji moja tu, wakati mwingine nusu. Kisha tafuta maneno yanayotangaza habari badala ya kuitoa. Chukua sentensi hii:

> Katika kuhakikisha kwamba malengo ya utafiti huu yanafikiwa ipasavyo, mtafiti alitumia mbinu ya usaili ambayo ilitumika kukusanya data kutoka kwa jumla ya wagonjwa wapatao 24 ambao walikuwa wamekosea katika zoezi la awali.

Ina maneno 32. Inapoandikwa «Wagonjwa 24 waliokosea walisailiwa», inabaki na manne, na hakuna habari iliyopotea. Kwa kweli hata usahihi umeongezeka, kwa sababu «wapatao» humaanisha makadirio, na mtafiti hawezi kukadiria idadi ya watu aliowasaili yeye mwenyewe. Viambishi rejeshi vya ndani ya kitenzi, kama katika «waliokosea», hufanya kazi ya «ambao walikuwa wamekosea» kwa nafasi ndogo zaidi, na Kiswahili kimetupa nyenzo hii bure. Sentensi tatu za namna hiyo zikirekebishwa, maneno 80 huwa yamekwisha kuondoka.

Usipunguze kwa kuondoa namba au mpaka wa madai. Hayo ndiyo maneno yenye uzito mkubwa kuliko yote.

Nitajuaje kwamba ikisiri iko tayari?

Fanya majaribio mawili. La kwanza ni la namba. Chapisha ikisiri, na kando ya kila namba uandike kwa mkono ukurasa wa tasnifu inakotoka. Ninalisisitiza hili kwa sababu limenitokea. Katika tasnifu yangu mwenyewe, baada ya kusafisha data niliondoa hojaji saba zilizokuwa na majibu pungufu, nikarekebisha sura ya tatu na ya nne, lakini ikisiri ikabaki na idadi ya zamani. Swali la kwanza la mtahini siku ya utetezi lilikuwa: washiriki wako walikuwa 186 au 179? Nilikuwa na jibu, lakini dakika kumi za kwanza zilikwenda katika kulieleza.

La pili ni la msomaji. Mpe ikisiri mtu aliyesoma taaluma nyingine, aisome mara moja, kisha umwondolee karatasi na umwombe akueleze utafiti uligundua nini. Usimwulize kama ameielewa, kwa maana atakujibu kwa heshima kwamba ameielewa. Akikueleza mada tu, «unahusu maelezo ya dawa», matokeo hayajaonekana. Akikueleza mbinu, «uligawa watu makundi mawili», basi mbinu imeyafunika matokeo. Akisema kwamba watu wengine wakiambiwa «mara tatu» hudhani ni vidonge vitatu kwa mkupuo, na kwamba kutaja asubuhi, mchana na usiku kulipunguza kosa hilo, ikisiri inaweza kwenda kwa msimamizi.